Kafuri Kifuani, Degedege Usiku

Tarehe 23 Januari 1934, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna alimdunga mgonjwa wake sindano ya kafuri iliyoyeyushwa kwenye mafuta, kisha akakaa kusubiri. Dakika kama 45 zilipopita, mgonjwa alikakamaa ghafla, akapoteza fahamu na mwili wote ukaanza kurukaruka. Meduna hakuhangaika kutafuta kosa lake, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa akikitaka. Aliamini kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili anaweza kupata nafuu akipatwa na kifafa, na alipotafuta kitu cha kuamsha kifafa ndani ya mtu mzima mwenye nguvu zake, alichagua kafuri. Baadaye aliiacha, maana ilikuwa inachelewa na haikutabirika, akahamia kwenye kemikali nyingine. Lakini kazi aliyoitaka, kafuri ilikuwa imekwisha kuifanya.

Kafuri hiyohiyo imo katika makopo madogo ya dawa za kuchua tunayoyaweka kando ya kitanda cha mtoto mwenye mafua. Imo katika zeri za Kichina zinazouzwa kituoni na kwenye daladala, na katika vichupa vya mafuta ya kuchua misuli. Wengine wanaijua kwa jina la karafuumaiti, vile vipande vyeupe vinavyotumiwa wakati wa kuosha maiti, na ambavyo wapo wanaovisaga na kuvichanganya na mafuta ya nazi ili wamchue mtoto. Harufu yake ni kali na ya dawa, na mtu anayeipaka husikia pua zimefunguka. Ndiyo maana ni vigumu kuamini kwamba mtoto aliyelala huku ananukia vizuri anaweza kuwa anapokea sumu kupitia ngozi yake.

Kijiko kimoja kina kiasi gani?

Tumchukue mtoto wa miezi 4 mwenye uzito wa kilo 6. Amepata mafua, pua zimeziba, anakoroma na hanyonyi vizuri. Bibi yake anachota dawa ya kuchua kiasi cha kijiko cha chai, anampaka kifuani, mgongoni, shingoni na kwenye nyayo, kisha anamvisha soksi na kumfunika kwa kanga mbili ili dawa ifanye kazi.

Dawa nyingi za kuchua za mafua zina kafuri kama asilimia 5. Kijiko cha chai cha gramu 5 kinabeba basi miligramu 250 za kafuri. Ukizigawa kwa kilo 6 za mtoto, unapata takriban miligramu 40 kwa kila kilo. Wataalamu wa sumu nchini Marekani wameweka mpaka wao kwenye miligramu 30 kwa kilo: mtoto aliyemeza zaidi ya hapo anapaswa kupelekwa hospitali mara moja, hata kama bado anacheza.

Mpaka huo ni wa kafuri iliyomezwa, na ngozi haipitishi yote iliyopakwa. Hata hivyo hesabu hii inaonyesha jinsi nafasi ilivyo finyu. Mtoto wa umri huo hutia mikono mdomoni kutwa nzima, hulamba kidevu chake, na hunyonya titi la mama ambaye vidole vyake bado vina dawa. Halafu hiyo ni dawa nyepesi. Zeri kali zina kafuri asilimia 11, na nyingine zaidi ya hapo, kwa hiyo kijiko kilekile kinakuwa na miligramu 550 au kuzidi. Mafuta ya kafuri ya asilimia 20 yalikuwa na gramu 1 nzima katika kijiko cha chai, kiasi ambacho kimewahi kuua mtoto mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mamlaka ya dawa ya Marekani iliyaondoa mafuta hayo madukani na kuweka kikomo cha asilimia 11 kwa dawa zinazouzwa bila cheti. Na kipande cha kafuri tupu, kile cheupe kinachouzwa bila lebo, hakina asilimia ya kuhesabu. Chote ni kafuri.

Kwenye makopo ya dawa za kuchua zilizosajiliwa kuna onyo la kutompaka mtoto aliye chini ya miaka 2. Maandishi yake ni madogo, mara nyingi si ya Kiswahili, na kopo likiwa limerithiwa kutoka kwa shangazi huwa yamekwisha kufutika.

Ngozi inayopitisha

Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa. Ukilinganisha ukubwa wa ngozi yake na uzito wake, ana ngozi mara mbili hadi tatu ya ile ya mtu mzima. Dawa ileile ikipakwa mwili mzima, kila kilo ya mwili wake inapokea mzigo mkubwa zaidi. Ngozi yenyewe ni nyororo na nyembamba, hasa kwa aliyezaliwa kabla ya wakati. Kafuri hupenda mafuta. Hupenya kwenye ngozi upesi, na ikishaingia kwenye damu huvuka hadi ubongoni bila kizuizi kikubwa, kwa kuwa ubongo nao una mafuta mengi.

Mambo tunayoyafanya kwa mapenzi ndiyo yanayoongeza kasi yake. Kuchua kunaleta damu karibu na ngozi. Kanga, soksi na sweta huzuia kafuri isiruke hewani, ikabaki kuingia ndani. Joto la mwili wenye homa hufungua mishipa. Ngozi yenye upele, au iliyochubuka kwa nepi, haina mlango wa kufunga. Wapo wanaodhani kuizimua dawa kwa mafuta ya nazi kunaifanya salama. Ukali wake kwenye ngozi unapungua kweli, lakini kafuri iliyomo haipungui. Inasambazwa tu juu ya eneo kubwa zaidi.

Ndani ya mwili, kazi ya kuivunja kafuri ni ya ini. Ini la mtu mzima huibadilisha na kuitoa kwenye mkojo. La mtoto wa miezi michache bado halijakomaa, vimeng'enya vyake ni vichache, hivyo kafuri hukaa muda mrefu. Akipakwa asubuhi, mchana na usiku, ya asubuhi haijaisha inapokuja ya mchana. Ndiyo sababu familia husema, "Tumempaka siku zote wala hakudhurika," na pengine ni kweli kwa siku hizo. Si kila mtoto aliyepakwa hupata degedege, wengi hawapati. Aliyepakwa mara moja kidogo hatofautiani sana na mwenzake asiyepakwa. Hatari huja pale kiasi, marudio, ngozi na homa vinapokutana, na hakuna mzazi anayeweza kujua kwa macho kwamba vimekutana.

Mtoto aliyetambaa kwenye dawa

Mwaka 1977 jarida moja la madaktari wa watoto la Marekani lilichapisha kisa cha mtoto wa miezi 15. Nduguye alikuwa amemwaga kafuri iliyoyeyushwa katika spiriti sakafuni, naye akatambaa juu yake. Hakuna aliyempa kunywa. Baada ya hapo alianza kupepesuka kama mlevi, kisha akapata degedege fupifupi za mwili mzima. Alipona. Mwaka mmoja baadaye mtoto huyohuyo akawekwa karibu na mvuke wa dawa ya mafua yenye kafuri, na degedege ikamrudia. Mara ya kwanza kafuri ilipita zaidi kwenye ngozi, mara ya pili ikapita kwenye pumzi.

Mwaka 2009 madaktari wa New York waliandika kuhusu watoto 3 walioletwa katika hospitali moja kubwa ndani ya wiki 2, wote wakiwa na degedege ambayo hawakuwahi kuwa nayo. Ilibidi madaktari waulize sana ndipo wakagundua kwamba nyumbani kwao kafuri ilitumika kwa njia tofauti: kuchua, kufukiza, na vipande vilivyowekwa mahali mtoto alipoweza kuvifikia. Katika jamii zile kafuri ilikuwa dawa ya mafua, ilikuwa kinga ya wadudu, na wapo waliotumainia kwamba inafukuza pepo wabaya. Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili unapojitokeza kwetu. Mtoto ana homa. Anapakwa kafuri. Usiku macho yanapinduka, mwili unakakamaa. Kila aliyemo nyumbani anajua jina la kitu hicho: degedege. Wengine wataitaja malaria, wengine watasema ni shetani au mdudu wa angani, na tiba ya kwanza itakayotajwa na pande zote mbili ni kumchua tena na kumfukiza kwa kitu chenye harufu kali. Sumu inaongezwa juu ya sumu. Na akifika hospitali, daktari anaona mtoto mwenye homa na degedege katika nchi yenye malaria. Asipoambiwa habari ya kopo, hana sababu ya kuliwaza.

Homa yenyewe inaweza kuleta degedege kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na malaria kali pia. Kwa hiyo kipimo cha malaria hakikwepeki hata pale unapoishuku kafuri. Lakini zipo dalili za kuongoza macho. Sumu ya kafuri mara nyingi huanza na kutapika, uso kuwa mwekundu au moto, mtoto kuhangaika bila kutulia, mikono kutetemeka na kushtuka kwa kila sauti. Kafuri iliyomezwa inaweza kuleta degedege ndani ya dakika chache, pengine bila dalili yoyote kutangulia. Iliyopakwa huchukua muda zaidi. Pumzi na matapishi hunukia kafuri. Na mtoto wa chini ya miezi 6 akipata degedege, usiikubali kuwa "ya homa tu" hata siku moja.

Mentholi: puani na kitovuni

Mentholi, ile inayotoka kwenye mnanaa na kuleta ubaridi, ina hatari zake mbili.

Ya kwanza iko puani. Ubaridi wa mentholi ni hisia tu. Inagusa neva zinazopima baridi, ubongo ukadhani hewa inapita kwa wingi. Mwaka 1983 mtafiti Ron Eccles na mwenzake, huko Cardiff, walipima upinzani wa hewa puani na kuona kwamba mentholi haikuifungua pua, ingawa watu walihisi imefunguka. Kwa mtoto mchanga hisia hiyo inaweza kugeuka balaa. Neva za puani zikichokozwa ghafla, koo hujibana na pumzi ikasimama. Watoto wameacha kupumua baada ya matone ya mentholi au kafuri kutiwa puani. Na mwaka 2009 madaktari wa North Carolina walieleza habari za msichana wa miezi 18 aliyeanza kupumua kwa shida baada ya kupakwa dawa ya kuchua chini ya pua. Walipoijaribu kwenye njia ya hewa ya wanyama wa maabara, waliona kamasi inaongezeka na vinyweleo vinavyoisukuma nje vinapunguza kasi. Dawa iliyopakwa ili kufungua pua ilikuwa inazijaza.

Hatari ya pili inatuhusu zaidi sisi wa nchi za malaria. Baadhi ya watoto, hasa wavulana, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda seli nyekundu za damu. Upungufu huo umeenea mahali palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, na pwani ya Afrika Mashariki ni mojawapo. Mtoto huyo huonekana mzima kabisa mpaka akutane na kitu cha kuzipasua seli zake. Mwaka 1980 madaktari Olowe na Olikoye Ransome-Kuti, ambaye baadaye alikuwa waziri wa afya wa Nigeria, walichapisha onyo kuhusu watoto wachanga wenye upungufu huo waliopakwa vitu vyenye mentholi: walikuwa katika hatari ya kupata umanjano. Seli zikipasuka kwa wingi, rangi ya njano hujaa kwenye damu, na ikizidi huingia ubongoni na kuuharibu. Mtoto huacha kunyonya, hujikunja nyuma, hupata degedege, na akipona anaweza kubaki na uziwi au ulemavu wa viungo.

Poda ya mentholi na zeri ya kukaushia kitovu basi si mambo madogo. Kitovu kibichi ni kidonda, na kidonda hakichuji kitu.

Mafuta ya mimea

Wengi wameacha zeri za dukani na kuhamia kwenye vichupa vya mafuta ya mimea, wakiamini kwamba cha asili hakiwezi kudhuru. Lakini mafuta ya mkaratusi au karafuu yanayokenekwa kwa mvuke yamekusanya ndani ya tone dogo nguvu ya majani au vikonyo vingi. Hakuna mama anayemlisha mtoto mchanga konzi ya karafuu, ila tone la mafuta yake linaonekana dogo.

Huko Australia, mwaka 1998, waliripoti msichana wa miaka 6 aliyepakwa sehemu kubwa ya mwili dawa ya nyumbani yenye mafuta ya mkaratusi kwa sababu ya mwasho. Akaanza kuongea kama mlevi, akashindwa kutembea sawa, akapoteza fahamu. Walipoacha kumpaka, alirudi katika hali yake. Huyo alikuwa na miaka 6, ini na ngozi vimekomaa kwa kiasi. Huko Bengaluru, India, daktari Thomas Mathew na wenzake wameeleza hata watu wazima waliopatwa na kifafa baada ya kutumia zeri na mafuta yenye kafuri na mkaratusi, na wengine wakakoma kupata walipoacha.

Mafuta ya karafuu ni fahari ya Unguja na Pemba, na huko Wawi kuna kiwanda cha kuyakeneka. Kwa jino la mtu mzima yana kazi yake. Kwa mtoto ni jambo jingine. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta hayo, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alizimia, akapata degedege, damu ikaacha kuganda na ini likaumia, aliponea chupuchupu. Kwa hiyo usiyapake ufizi wa mtoto anayeota meno, wala utosini, na kichupa chake kikae juu kabisa penye kufuli.

Akishapakwa, na asipakwe nini

Ukimkuta mtoto amepakwa na anaonekana hayuko sawa, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi ya uvuguvugu, mfute mikono na mdomo, na umtoe chumbani penye harufu. Kama amemeza, usimtapishe, maana degedege inaweza kuja wakati anatapika na matapishi yakaingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta "kuua sumu". Mafuta huisaidia kafuri kuingia mwilini haraka. Degedege ikianza, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na muwahishe hospitali. Chukua kopo lenyewe uende nalo. Kafuri haina dawa ya kuiondoa. Daktari atazuia degedege kwa diazepamu au dawa za jamii hiyo, atailinda pumzi na kusubiri ini limalize kazi. Kadiri anavyojua mapema, ndivyo anavyoacha mapema kutafuta sababu nyingine.

Pua ya mtoto iliyoziba inahitaji maji ya chumvi. Duka la dawa huuza matone yaliyo tayari. Nyumbani, robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa inatosha. Tia matone mawili katika kila tundu kabla ya kunyonyesha, subiri kidogo, kisha futa kamasi. Tengeneza mapya kila siku. Mnyonyeshe mara kwa mara. Ukitaka kumchua, mafuta ya nazi peke yake yanatosha, kwa sababu mkono ndio unaomtuliza.

Halafu hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Akifika hapo, au mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, huyo hana mafua ya kuchuliwa. Ana uwezekano wa nimonia, na kila saa ya kumpaka ni saa ya kumchelewesha.

Mtoto akishavuka miaka 2, habari inabadilika kidogo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2010, kwa watoto 138 wa miaka 2 hadi 11, ulionyesha kwamba waliopakwa dawa ya kuchua kifuani na shingoni walilala vizuri zaidi, ingawa baadhi yao walilalamika ngozi au macho kuwasha. Hapo lebo inaruhusu kifua na shingo, kwenye ngozi isiyo na kidonda, na hairuhusu pua, mdomo wala macho.

Kwa aliye chini ya umri huo, kazi ngumu ni ya maneno. Anayempaka mtoto mara nyingi ni bibi au mama mkwe, na yeye amelea wengi. Hatakubali kuambiwa amekuwa akitia watu sumu, wala hana haja ya kuambiwa hivyo. Mpe maji ya chumvi na mafuta ya nazi mkononi kabla hajalifikia kopo, mwombe yeye ndiye amchue, na mweleze hesabu ya kijiko na kilo 6. Siku mtoto akiugua mkaenda kliniki, mtajieni muuguzi kila kitu alichopakwa, alichofukizwa na alichowekewa kitovuni, hata kama hajauliza, na hata kama mnajua atakunja uso.